Miezi Mitano Bila Mshahara: Namna ya Kuandika Barua ya Kuondoka Leo

Mfanyakazi aliyekaa miezi bila mshahara, siku akichoka kabisa, mara nyingi huandika barua ya mistari mitatu. Naacha kazi kwa notisi ya saa 24. Nashukuru kwa ushirikiano mlionipa. Nawatakia kila la heri. Anaipeleka kwa afisa utumishi, anakusanya vitu vyake na kuondoka, akiamini kwamba madai yake yapo palepale. Lakini kwa mistari hiyo mitatu ameshampa mwajiri hoja mbili: kwamba ameondoka kwa hiari yake, na kwamba yeye ndiye aliyevunja mkataba kwa kutotoa notisi inayotakiwa.

Notisi ya saa 24 inatajwa sana maofisini, pamoja na maelezo kwamba anayeitoa hurudisha mshahara wa mwezi mmoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayotumika Tanzania Bara, haimpi mfanyakazi wa mshahara wa mwezi notisi ya namna hiyo. Inataka siku zisizopungua 28, au siku saba kama bado yuko katika mwezi wake wa kwanza kazini. Anayekataa kuitumikia notisi, mwajiri anaruhusiwa kukata thamani ya siku hizo kwenye fedha anazostahili kumlipa. Kwa hiyo mtu anayedai mishahara mitano akaandika kwamba anaondoka kwa saa 24, amemwonyesha mwajiri mahali pa kukata mshahara mmoja, na amefanya hivyo kwa mkono wake mwenyewe.

Sheria hiyohiyo inatambua namna nyingine ya kuondoka, na wafanyakazi wengi hawaijui. Inasema kwamba mfanyakazi akisitisha ajira kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike, huko nako ni kuachishwa kazi. Kanuni za Utendaji Bora za 2007, Tangazo la Serikali namba 42, zinalieleza jambo hili katika kanuni ya 7: mwajiri akiifanya ajira isivumilike hadi mfanyakazi akajiuzulu, huko ni kulazimishwa kujiuzulu, na kisheria huhesabiwa kwamba mwajiri ndiye aliyeivunja ajira. Barua imeandikwa na mfanyakazi, lakini anayetakiwa kujibu kwa nini ajira imekufa ni mwajiri.

Kanuni hiyo ina sharti. Inamtaka mfanyakazi aliyetendewa isivyo haki awe ametumia kwanza njia zilizopo za kulalamika, isipokuwa awe na sababu nzuri ya kutozitumia. Hapa ndipo madai mengi yanapofia. Mtu amevumilia miezi sita kimya, amelalamika kwa wenzake tu chini ya mwembe, kisha siku moja anaibuka na barua ya kuondoka. Akifika mbele ya mwamuzi anaulizwa: ulimwambia mwajiri lini, kwa maandishi, kwamba hali hii huivumilii? Anabaki bila jibu.

Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, imekuwa ikiyapima madai ya aina hii kwa maswali matano. Je, mfanyakazi alikusudia kweli kuimaliza ajira? Je, hali ya kazi ilikuwa mbaya kiasi kwamba mtu yeyote wa kawaida asingeweza kuendelea? Je, aliyeisababisha ni mwajiri? Je, hali hiyo ilielekea kudumu? Na je, kuondoka ndiyo njia pekee ya busara iliyokuwa imebaki? Swali la kwanza linajibiwa na barua yenyewe, na la pili na la tatu si magumu kwa mtu asiyelipwa. Kazi iko kwenye mawili ya mwisho, na majibu yake hayapatikani siku ya kuondoka. Huandaliwa wiki kadhaa kabla, kwa karatasi.

Tumchukue mtunza stoo wa kampuni ya ujenzi. Ni mtu wa mfano tu, ila mazingira yake yanafahamika kwa yeyote aliyefanya kazi saiti. Aliajiriwa tarehe 1 Machi 2020 kwa mshahara wa shilingi 780,000 kwa mwezi, siku sita kwa wiki. Kampuni inategemea miradi ambayo malipo yake hutoka kwa awamu, na awamu zikichelewa, mishahara huwa ya kwanza kusimamishwa. Januari 2025 alilipwa wote. Februari aliingiziwa shilingi 300,000 na kuambiwa asubiri iliyobaki. Kuanzia Machi hadi Julai hakuingiziwa kitu. Kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi, meneja aliandika mara kwa mara kwamba hela itaingia Ijumaa, kisha akaacha kabisa kuandika.

Sababu ya mwajiri, kwamba mteja hajalipa, inaweza kuwa ya kweli kabisa. Mwenye kampuni anaweza kuwa amekopa mpaka amefika mwisho, na hana nia mbaya na mtu. Lakini mkataba wa mfanyakazi ni kati yake na kampuni. Mteja si sehemu ya mkataba huo, na sheria inataka mshahara ulipwe siku ya malipo iliyokubaliwa. Mwajiri anayetarajia kipindi kigumu anaweza kuzungumza na wafanyakazi wake wakaafikiana kwa maandishi, au kupunguza wafanyakazi kwa utaratibu uliowekwa. Kuendelea kuwafanyisha watu kazi bila kuwalipa si mojawapo ya njia anazopewa.

Mtunza stoo wetu alianza na barua ya madai tarehe 14 Julai. Alitaja kila mwezi na kiasi chake, akaomba alipwe au apewe ratiba ya malipo kwa maandishi ndani ya siku 14. Aliipeleka mwenyewe masjala, nakala yake ikapigwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Hakujibiwa. Tarehe 30 Julai akapeleka ya pili, fupi zaidi, ikirejea ile ya kwanza na kusema wazi kwamba hali ikiendelea ataichukulia ajira yake kuwa haiwezekani tena. Wiki hiyohiyo alikwenda ofisi ya Afisa Kazi na kuandikisha malalamiko. Afisa Kazi ana mamlaka ya kuingia sehemu ya kazi, kukagua kumbukumbu za mishahara na kumpa mwajiri amri ya kutimiza sheria, kwa hiyo safari ile haikuwa ya kutafuta karatasi tu. Ingeweza kuleta mshahara bila mtu kuacha kazi. Haikuleta, lakini imejibu swali la tano.

Masjala ikikataa kugonga mhuri, jambo ambalo si geni, barua itumwe kwa EMS na risiti itunzwe, au kwa barua pepe rasmi ya kampuni, au ipelekwe mbele ya mtu atakayekubali kusema baadaye kwamba aliiona ikikabidhiwa. Kuiacha mezani kwa katibu muhtasi na kuamini itafika si kuipeleka.

Kabla hata ya barua hizo kuna karatasi za kukusanya wakati mtu bado yuko kazini, kwa sababu akishatoka getini hatazipata kwa urahisi. Ya kwanza ni taarifa ya benki ya miezi yote, kwa sababu inaonyesha Januari imeingia, Februari imeingia nusu, na baada ya hapo hakuna. Mashahidi huulizwa maswali hadi wakayumba. Taarifa ya benki haiyumbi. Ya pili ni mkataba au barua ya ajira. Asiye nayo asikate tamaa, maana kutoa maelezo ya ajira kwa maandishi ni wajibu wa mwajiri, na akishindwa kuyaleta mbele ya mwamuzi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti anayodai mfanyakazi unamwangukia yeye. Ya tatu ni jumbe za meneja kwenye WhatsApp, zikihifadhiwa pamoja na tarehe na namba iliyozituma. Kila "itaingia Ijumaa" ni ushahidi kwamba kampuni inakiri deni.

Jambo moja zaidi la kukagua ni michango ya NSSF. Katika sekta binafsi mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida nusu hukatwa kwa mfanyakazi, nusu hutoka kwa mwajiri. Kampuni isiyolipa mishahara huwa imeacha kupeleka michango muda mrefu kabla, na mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza. Taarifa ya michango inapatikana kwa mwanachama mwenyewe. Akikuta michango imekoma mwaka mmoja nyuma, ajue kwamba tatizo la kampuni ni kubwa kuliko awamu moja iliyochelewa, na kwamba hali ile, kwa maneno ya swali la nne, inaelekea kudumu.

Kisha tarehe 11 Agosti, siku ya Jumatatu, akaandika hivi:

"Mkurugenzi Mtendaji,

YAH: KUSITISHA AJIRA YANGU KUANZIA LEO KWA SABABU YA KUTOLIPWA MISHAHARA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Niliajiriwa na kampuni tarehe 1 Machi 2020 nikiwa mtunza stoo, kwa mshahara wa shilingi 780,000 unaolipwa kila mwisho wa mwezi.

Mshahara wa Februari 2025 nililipwa shilingi 300,000 tu. Mishahara ya Machi, Aprili, Mei, Juni na Julai sijalipwa kabisa. Nilidai kwa barua za tarehe 14 Julai na 30 Julai 2025, zote zimepokelewa. Hadi leo sijalipwa wala kupewa tarehe ya kulipwa.

Kwa kutolipa mshahara kwa muda huo, kampuni imeifanya ajira yangu isiweze kuendelea. Kwa sababu hiyo, na si nyingine, nasitisha ajira yangu kuanzia leo, 11 Agosti 2025, mwisho wa saa za kazi.

Nadai malimbikizo ya mshahara hadi leo, shilingi 4,650,000, pamoja na stahili zangu nyingine za mwisho wa ajira kwa mujibu wa sheria na cheti cha utumishi, ndani ya siku saba.

Nipo tayari kukabidhi stoo leo kwa mtu mtakayemteua.

Barua hii haiondoi haki yangu ya kupeleka shauri langu Tume ya Usuluhishi na Uamuzi."

Chini yake kuna jina, sahihi na namba ya simu, na nakala kwa Afisa Kazi. Hakuna zaidi, na hicho kiasi kinatosha. Barua haikumwita mkurugenzi mwizi wala haikutaja gari jipya aliloonekana nalo Juni. Haikueleza kwamba mwenye nyumba ametishia kumtoa na ada ya mtoto haijalipwa. Mambo hayo ni mazito na yanauma, lakini mwamuzi hayahitaji ili kuona kwamba mshahara haukulipwa, na mwanasheria wa kampuni atayafurahia, kwa sababu yatampa nafasi ya kusema huyu mtu aliondoka kwa hasira au kwa matatizo ya nyumbani. Barua yenye tarehe na namba tupu haimpi pa kushika.

Sentensi yenye uzito kuliko zote ni ile inayosema "kwa sababu hiyo, na si nyingine". Adui yake mkubwa ni maneno ya adabu tuliyozoea. Tumefundishwa kwamba kuondoka kwa heshima ni kuandika "kwa sababu binafsi" na kushukuru. Mfanyakazi anayedai kulazimishwa kuondoka, akiandika kwamba ameondoka kwa sababu binafsi, atatumia muda wote wa shauri akipingana na barua yake mwenyewe. Naona ni afadhali barua kavu yenye ukweli. Shukrani, kama zipo, anaweza kuzitoa kwa mdomo kwa wale wanaozistahili.

Namba ile ya 4,650,000 ilipatikanaje? Februari ilibaki shilingi 480,000. Miezi mitano, Machi hadi Julai, kwa 780,000 ni 3,900,000. Kwa Agosti alifanya kazi hadi tarehe 11, na kwa juma la siku sita mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 26 kupata wa siku, kwa hiyo siku yake ni shilingi 30,000. Kuanzia tarehe 1 hadi 11, ukitoa Jumapili na kuihesabu Nane Nane kuwa sikukuu yenye malipo, ni siku tisa, yaani 270,000. Jumla yake ndiyo hiyo. Alitumia mshahara ghafi, kabla ya makato, kwa sababu kodi na michango ya NSSF ni wajibu wa mwajiri kuvipeleka pindi atakapolipa. Anayedai kiasi cha mkononi huwa ameliacha deni la NSSF bila mdai.

Hapo ndipo panapotakiwa utulivu, kwa sababu madai yake ni ya mafungu mawili yasiyofanana. Malimbikizo ya mshahara ni deni la kazi iliyokwisha kufanyika. Anayastahili hata kama mwamuzi ataona hakulazimishwa kuondoka, hata kama angekuwa amefukuzwa kwa kosa. Likizo iliyokwisha kuiva katika mzunguko huu ni ya upande huohuo. Sheria inahesabu siku moja kwa kila siku 13 za kazi, na kwa miezi mitano na siku kadhaa alizofanya tangu Machi ni siku kumi hivi, shilingi 300,000.

Fungu la pili linategemea kushinda hoja ya kulazimishwa. Humo kuna malipo badala ya notisi, ambayo kwa kawaida hudaiwa kama mshahara wa mwezi, 780,000. Humo kuna kiinua mgongo cha kisheria, siku saba za mshahara kwa kila mwaka uliotimia hadi ukomo wa miaka kumi, kwa mtu aliyetumikia angalau miezi 12. Kwa miaka mitano ni siku 35, shilingi 1,050,000. Na humo kuna fidia ya kuachishwa kazi isivyo halali, ambayo mwamuzi huipanga kwa kufuata sheria. Akishindwa hoja hii, fungu lote la pili huanguka na ile notisi ya siku 28 inaweza kumgeukia. Fungu la kwanza hubaki. Ndiyo maana barua ilitaja malimbikizo kwa namba kamili na kuziacha stahili nyingine kwa jumla. Haikuliegemeza deni la uhakika kwenye hoja ambayo bado haijaamuliwa.

Kuna faida moja inayoweza kumponyoka kwa neno tu. NSSF ina fao la kukosa ajira kwa mwanachama aliyechangia muda uliowekwa, lakini halitolewi kwa aliyeacha kazi mwenyewe. Mwajiri akiandika kwenye taarifa zake "amejiuzulu", mlango huo unaweza kufungwa. Ni vizuri barua iseme kusitisha ajira kwa kosa la mwajiri na neno kujiuzulu liachwe, na mhusika aulize ofisi ya NSSF mapema ni uthibitisho gani watakaoutaka.

Makabidhiano hayakwepeki, na kwa mtunza stoo ndiyo sehemu ya hatari kuliko zote. Mtu anayesimamia saruji, nondo, mafuta ya dizeli na vipuri, akiondoka siku hiyohiyo huku akiidai kampuni mamilioni, ni rahisi wiki ijayo kusikia kwamba kuna upotevu. Alihesabu stoo yote Jumamosi kabla ya kuandika barua, akalinganisha na leja, na pale pasipolingana akaandika tofauti na maelezo yake. Jumatatu akaandaa hati ya makabidhiano yenye orodha, idadi na hali ya kila kitu, funguo zikitajwa kwa idadi, na mahali pa sahihi mbili. Alipiga picha za rafu na za tangi la mafuta na kipimo chake. Mhasibu aliyeteuliwa kupokea aligoma kusaini kabla hajaambiwa na bosi, kwa hiyo mtunza stoo aliandika hivyo chini ya hati, akasaini yeye na mlinzi aliyekuwepo, na nakala ikatumwa kwa barua pepe jioni ileile.

Kuna hati nyingine ya kuiogopa siku hiyo. Afisa utumishi anaweza kuleta fomu ya kuagana inayosema mfanyakazi amelipwa stahili zake zote na hana madai yoyote dhidi ya kampuni, na kumwambia ni utaratibu tu, asaini ili malipo yaandaliwe. Asisaini kabla fedha hazijaingia. Na akipewa sehemu tu, basi aandike kwa mkono wake kiasi alichopokea, kwamba ni sehemu ya deni, na kiasi kilichobaki.

Kwa upande mwingine, wapo wanaoacha tu kwenda kazini, bila barua, wakisema siwezi kulipa nauli kwenda kufanya kazi ya bure. Wanaeleweka, na bado wanajiumiza. Zikizidi siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu inayokubalika, kanuni zinauhesabu huo kuwa utoro unaoweza kumfukuzisha mtu. Mwajiri aliyekuwa na kosa moja kubwa sasa anapata kosa la upande wa pili la kulielekezea kidole.

Baada ya barua, saa inaanza kuhesabu. Shauri la kuachishwa kazi linatakiwa lifike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayojulikana na wengi kwa kifupi chake CMA, ndani ya siku 30 tangu ajira ilipokoma. Kwa mtunza stoo wetu ni tarehe 10 Septemba. Zile siku saba alizompa mwajiri hazisimamishi hesabu hiyo, wala mazungumzo ya simu ya "tutakuita wiki ijayo tuyamalize". Waajiri wengi huahidi hadi siku ya 31.

Kwa migogoro mingine, ikiwemo ya mshahara usiolipwa, muda ni siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, na hili ndilo linalowakuta watu wavumilivu. Mwanasheria wa kampuni atasimama na kusema: mshahara wa Machi ulitakiwa kulipwa Machi 31, mgogoro wake ulizaliwa siku hiyo, siku 60 ziliisha mwishoni mwa Mei. Ukikubali hesabu hiyo kwa ukali wake, hadi tarehe 11 Agosti ni Juni na Julai tu iliyobaki ndani ya muda. Mfanyakazi atajibu kwamba mwajiri alikuwa akikiri deni na kuahidi kulipa, kwa hiyo mgogoro ulizaliwa pale alipokaa kimya baada ya barua ya Julai, na hapo jumbe za WhatsApp zinapata thamani yake kamili. Inawezekana kuomba kuongezewa muda kwa fomu namba 2 na kiapo chenye sababu za msingi za kuchelewa. Lakini ni ombi, na linaweza kukataliwa. Anayesoma haya akiwa amefikisha mwezi wa pili bila mshahara ajue kwamba anaweza kufungua madai ya mshahara CMA akiwa bado kazini. Kuacha kazi si sharti la kudai.

Fomu ya kufungulia shauri ni CMA F1. Nakala yake hupelekwa kwanza kwa mwajiri, kisha huwasilishwa CMA pamoja na uthibitisho kwamba mwajiri ameipata. Ina Sehemu B inayohusu mashauri ya kuachishwa kazi peke yake, na watu wengi huiruka, kwa sababu kichwani mwao hawajaachishwa, wameacha. Anayedai kulazimishwa kuondoka lazima aijaze, la sivyo shauri lake litasomeka kuwa ni la mshahara tu na fungu la pili halitasikilizwa.

Hatua ya kwanza ni usuluhishi, ndani ya siku 30, mbele ya msuluhishi asiyetoa hukumu. Kwa kampuni ya ujenzi ambayo hela yake iko njiani, hapa ndipo penye matumaini makubwa kuliko kwingine. Mwajiri anaweza kukubali kulipa kwa awamu tatu au nne, na makubaliano yakiandikwa na kusainiwa mbele ya msuluhishi yanakuwa na nguvu ya kutekelezwa na mahakama. Mtunza stoo akipewa chaguo la kupata 4,650,000 kwa awamu zenye tarehe, pamoja na notisi na kiinua mgongo, akiacha fidia, ningemshauri aitazame kampuni yenyewe kabla ya kukataa. Kama ina mradi unaoendelea na akaunti inayotembea, anaweza kusimama imara. Kama mitambo imeanza kuuzwa, kodi ya ofisi inadaiwa na NSSF haijapelekwa tangu mwaka jana, tuzo kubwa ya uamuzi dhidi ya kampuni isiyo na kitu itakuwa ngumu kugeuka fedha, maana kukazia tuzo ni kutafuta mali ya kukamata.

Usuluhishi ukishindikana shauri huenda kwenye uamuzi, ambako mashahidi huapa na vielelezo hupokelewa. Asiyeridhika na tuzo ana wiki sita za kuomba Mahakama Kuu iipitie. Watumishi wa umma njia yao ni nyingine, huanzia ndani ya mamlaka za utumishi hadi Tume ya Utumishi wa Umma, na barua ya namna hii wasiitoe kabla ya kupata ushauri wa njia hiyo.

Wasomaji wa Kenya watakuta misingi inafanana lakini saa ni tofauti kabisa. Sheria ya Ajira ya 2007 ya huko inatoa miaka mitatu ya kufungua madai, na hoja ya kulazimishwa kuondoka imejengwa na mahakama zenyewe kupitia hukumu zake. Mtanzania aliyesoma ushauri wa Kenya mtandaoni na kuamini ana miaka mitatu hufika CMA akiwa amechelewa vibaya.

Na cheti cha utumishi kisisahaulike katikati ya hesabu. Mwajiri anatakiwa kukitoa ajira inapokoma, hata kama wana kesi, hata kama hajalipa senti. Kampuni ikikizuia ili kumshurutisha mtu afute madai, hilo nalo liandikwe kwenye F1, mstari wake peke yake.